Makala Imepita kwa Wahakiki: Kilichokaguliwa Hasa ni Nini?

Mwanafunzi wa uzamili anapoanza kukusanya maandiko ya utafiti wake, moja ya maagizo ya mwanzo kutoka kwa msimamizi ni kwamba atumie makala zilizopitiwa na wahakiki tu. Agizo hilo ni zuri. Shida ni kwamba mara nyingi linaishia hapo, na mwanafunzi anabaki akiamini kwamba makala iliyopita kwa wahakiki imekwisha kuthibitishwa, kwamba yupo mtu mahali fulani aliyekwenda kuangalia kama yaliyoandikwa yalitokea kweli. Kwa kawaida mtu huyo hayupo. Waliopo ni watu wawili au watatu waliosoma andiko, wengi wao bila malipo, katikati ya kazi zao nyingine, wakamwambia mhariri walichokiona kwenye kurasa. Nitaeleza kwanza kazi yao inavyokwenda, kisha nichukue makala moja iliyopita mikononi mwao na kuondolewa baada ya siku 13, maana ndani yake mipaka ya kazi hii inaonekana waziwazi.

Andiko likitumwa kwenye jarida, linaanzia kwa mhariri. Yeye hutazama kama mada inalihusu jarida lake, kama kuna jambo jipya, kama kibali cha maadili kimetajwa, na kama maneno yamefanana mno na kazi za watu wengine. Maandiko mengi hufia hapo. Kwenye majarida makubwa, maandiko yaliyo mengi hukataliwa mezani kwa mhariri, bila mhakiki hata mmoja kuyaona. Kwa hiyo ukijibiwa "hapana" ndani ya wiki moja, jua kwamba hujahakikiwa bado. Mara nyingi hukumu hiyo inahusu zaidi kama andiko linalifaa jarida lile kuliko ubora wa utafiti wako.

Likivuka hapo, mhariri anatafuta wahakiki, yaani watu waliowahi kuchapisha kuhusu mada hiyo. Wengine huwapata kwenye orodha ya marejeo yako mwenyewe, wengine kwenye majina uliyopendekeza wakati wa kutuma. Hatua hii ndiyo inayokula muda. Walioombwa wengi hukataa, wengine hawajibu kabisa, na mhariri anaanza upya na majina mengine. Ndiyo maana unaweza kukaa miezi ukifungua mfumo wa jarida na kukuta hali ya andiko lako ni ileile. Katika majarida mengi ya sayansi na tiba, mhakiki anakujua wewe lakini wewe humjui. Katika mengi ya sayansi za jamii na lugha, majina ya pande zote mbili hufichwa. Yapo pia yanayochapisha ripoti za wahakiki pamoja na makala yenyewe, na hayo nakuomba uyatafute mapema, kwa sababu humo utaona mhakiki halisi anavyouliza na mwandishi anavyojibu.

Mhakiki akikubali, hupewa wiki mbili au tatu hivi, na kusoma kwenyewe huchukua saa chache. Anajiuliza kama swali la utafiti liko wazi, kama njia iliyotumika inaweza kulijibu, kama sampuli inatosha, kama mchanganuo unaendana na aina ya data, na kama hitimisho halikuruka mbali kuliko ushahidi. Anaandika ripoti. Mhariri anaziweka ripoti pamoja, ambazo mara nyingi hazikubaliani, kisha anaamua: kukataa, kuomba marekebisho makubwa, kuomba madogo, au kukubali. Wahakiki wanashauri, uamuzi ni wa mhariri. Ukiombwa marekebisho unayafanya na kuandika barua inayojibu kila hoja kwa zamu, ukionyesha ulichobadilisha na ukurasa wake, au kwa nini hukubadilisha.

Kazi hii ina faida kubwa na sitaki uidharau. Makala nyingi hutoka kwa wahakiki zikiwa zimeeleweka zaidi, madai yaliyovimba yamepunguzwa, udhaifu uliofichwa umetajwa, na mchanganuo uliosahaulika umefanywa. Lakini rudia maswali ya mhakiki niliyotaja, uone yote yanaelekezwa wapi. Yote yanaelekezwa kwenye andiko. Mhakiki ni kama mtu anayekagua hati ya shamba akiwa ofisini: anaweza kuona kwamba vipimo havijumliki au sahihi imekosekana, lakini hajakanyaga shambani kuona mipaka iko wapi. Hakuwa hospitalini wagonjwa walipohesabiwa, hakuona hojaji zikijazwa, na mara nyingi hapewi faili la data ghafi. Anachukulia kwamba kilichoandikwa kilifanyika, kisha anapima kama kina mantiki.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Tarehe 22 Mei 2020, wakati korona ikienea duniani na kila mtu akitafuta dawa, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu hidroksiklorokwini na klorokwini. Klorokwini tunaifahamu, ni dawa ya zamani ya malaria iliyowawasha wengi wetu mwili. Utafiti ulisema umechambua kumbukumbu za wagonjwa 96,032 wa korona kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Kati ya wagonjwa ambao hawakupewa dawa hizo, waliofariki walikuwa asilimia 9.3. Kati ya waliopewa hidroksiklorokwini peke yake, walikuwa asilimia 18. Hata baada ya kuzingatia umri, magonjwa mengine na ukali wa hali ya mgonjwa, makala ilisema hatari ya kifo ilibaki juu kwa takriban theluthi moja.

Ilikuwa na kila kitu ambacho mhakiki hutafuta. Waandishi wanne, wakiwemo madaktari wa moyo wenye majina makubwa. Idadi ya wagonjwa ya kushangaza. Mchanganuo wa takwimu wa kisasa. Ikapita. Tarehe 25 Mei, siku tatu tu baadaye, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya hidroksiklorokwini katika jaribio lake kubwa la kimataifa liitwalo Solidarity.

Data yote ilitoka kwa kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere, ambayo mwasisi wake alikuwa mmoja wa waandishi wanne. Kampuni ilisema hospitali hizo zote huiletea kumbukumbu za wagonjwa kwa njia ya kielektroniki. Hakuna hospitali hata moja iliyotajwa kwa jina kwenye makala.

Makala ilipotoka hadharani, walianza kuisoma watu ambao hawakuombwa: wanatakwimu, madaktari wa wodi, na watafiti waliokuwa wakiendesha majaribio ya dawa hizohizo. Tarehe 28 Mei ikatoka barua ya wazi iliyoandaliwa na mwanatakwimu James Watson na kusainiwa na wanasayansi zaidi ya 100. Walichokiona hakikuhitaji mashine wala siri yoyote, na ningependa uone kwa macho yako hoja tatu, kwa sababu kila moja unaweza kuifanya wewe mwenyewe kwenye makala uliyo nayo mezani leo.

Ya kwanza inatuhusu. Kwenye jedwali, bara la Afrika lilikuwa na wagonjwa 4,402. Ukiitazama namba hiyo peke yake unaona ni ndogo, na kwa kweli ilikuwa chini ya asilimia 5 ya wagonjwa wote wa utafiti. Lakini utafiti uliishia kwa wagonjwa waliolazwa hadi tarehe 14 Aprili 2020, na wakati huo bara zima lilikuwa bado na wagonjwa wachache waliothibitishwa. Barua ilipolinganisha, ikaonekana kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa Afrika, na asilimia 40 hivi ya vifo vyote, vingekuwa vimetokea kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hii. Tena hospitali hizo zingekuwa na kumbukumbu za kielektroniki zenye kina kiasi cha kueleza mapigo ya moyo ya mgonjwa na dozi yake ya kila siku. Daktari au muuguzi yeyote aliyefanya kazi katika hospitali za umma za Afrika Mashariki, mahali ambapo faili la mgonjwa bado ni karatasi ndani ya jalada, angesimama kwenye mstari huo na kuuliza: hospitali zipi?

Ya pili ni Australia. Makala ilihesabu vifo 73 kutoka hospitali tano za huko kufikia tarehe 21 Aprili. Kufikia siku hiyo nchi nzima ilikuwa imerekodi vifo 67. Sehemu haiwezi kuzidi jumla. Gazeti la The Guardian liliwauliza waandishi wa makala, na jibu likaja kwamba hospitali moja ya Asia ilikuwa imewekwa kimakosa upande wa Australia. Jarida likachapisha masahihisho, huku hitimisho likiachwa lilivyo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, maana inafundisha namna ya kusoma jedwali. Wagonjwa wa mabara yote walifanana kupita kiasi. Uwiano wa wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye uzito mkubwa, ulikuwa karibu sawa kutoka Amerika ya Kaskazini hadi Afrika hadi Asia. Dunia haiko hivyo. Mtu aliyewahi kukusanya data kwenye wilaya mbili jirani anajua kwamba hata hizo hutofautiana. Kwa kawaida tunashuku data inapokuwa na fujo, na hapa kilichopaswa kushtua ni unadhifu wake.

Watafiti wa nje walipoombwa kuikagua data, kampuni ilikataa kuitoa kwa maelezo kwamba mikataba yake na hospitali hairuhusu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuendelea na jaribio lake tarehe 3 Juni. Kesho yake, tarehe 4 Juni, waandishi watatu waliiondoa makala wakisema hawawezi tena kuthibitisha ukweli wa chanzo cha data. Siku hiyohiyo jarida la New England Journal of Medicine likaondoa makala nyingine iliyotegemea data ya kampuni ileile. Majarida mawili yenye heshima kubwa kabisa katika tiba, wahakiki tofauti, chanzo kimoja.

Usikimbilie kuwalaumu wahakiki kwa uzembe. Kipindi cha data kiliisha katikati ya Aprili na makala ilichapishwa Mei 22. Kila kitu, yaani uchambuzi, uandishi, uhakiki na marekebisho, kilibanwa ndani ya wiki tano hivi. Lakini hata wangepewa miezi sita, mfumo haukuwapa njia ya kupiga simu hospitalini. Hospitali hazikuwa na majina. Waliaminishwa, nao wakaamini, kwa sababu uhakiki wote umejengwa juu ya imani hiyo. Hata waandishi wenza watatu walikuwa hawajaiona data ghafi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki: jina la profesa mkubwa kwenye makala halikuwa ushahidi kwamba profesa huyo amegusa data.

Kuna jambo moja la kuongeza ambalo watu wengi wanalisahau. Tarehe 5 Juni 2020, siku moja baada ya makala kuondolewa, watafiti wa jaribio la RECOVERY la Uingereza walitangaza kwamba hidroksiklorokwini haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Huko wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na katika matokeo ya mwisho waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 27 kwa waliopewa dawa na 25 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema dawa inaua wala inaponya. Kwa hiyo wapo wanaosema makala ile "ilikuwa sahihi hata hivyo". Haikuwa. Ilidai vifo vingi zaidi kwa kiwango ambacho jaribio halisi halikukiona, na hata kama namba zingelingana, hitimisho lililosimama juu ya data isiyoweza kuonyeshwa halina uzito wowote wa ushahidi.

Huenda ukasema kisa hiki ni cha data isiyoaminika, na watafiti wengi ni waaminifu. Ni kweli. Lakini wahakiki hupitwa pia na makosa ya wazi yaliyo ndani ya andiko. Mwaka 2008 watafiti waliohusiana na jarida la BMJ walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wahakiki 607. Waliwatumia maandiko ambayo ndani yake walikuwa wameingiza kwa makusudi makosa makubwa tisa, mambo kama ugawaji mbaya wa wagonjwa au hitimisho lisilotokana na matokeo. Kwenye andiko la kwanza, mhakiki wa wastani aligundua makosa yasiyofika matatu. Wahakiki waliopewa mafunzo mafupi baadaye hawakuboreka sana. Hao ni wahakiki wa kawaida wa jarida zuri, wenye andiko lililojaa makosa mbele yao.

Halafu kuna makala ambazo hazina kosa lolote ndani yake na bado hazisemi kweli. Chukua maabara ishirini zinazojaribu jambo moja lisilokuwepo. Kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, ambapo tunakubali nafasi ya asilimia 5 ya kudanganywa na bahati, mojawapo huenda ikapata "matokeo". Kumi na tisa zinakaa kimya kwa sababu majarida hayapendi kuchapisha "hatukupata kitu". Ile moja inaandika makala safi, njia sahihi, mchanganuo sahihi, na mhakiki hana namna ya kuzijua zile kumi na tisa, kwa kuwa hazimo kwenye andiko. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilichapisha kazi ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka katika majarida matatu yanayoheshimika ya fani yao. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36. Si kila iliyoshindwa kurudiwa ilikuwa ya uongo, maana hata marudio yanaweza kukosea, lakini zote zilikuwa zimepita kwa wahakiki.

Basi makala iliyopita kwa wahakiki ichukulie hivi: watu wachache wenye ujuzi wameisoma na hawakuona sababu ya kuizuia. Uhakiki mzito zaidi unaanza ikishachapishwa, pale watu wengi wenye data zao na uzoefu wao wanapoisoma, na pale mtu mwingine anapojaribu kuirudia. Kwa The Lancet hilo lilichukua siku 13 kwa sababu dunia nzima ilikuwa inatazama. Makala kuhusu mavuno ya mihogo au ufundishaji wa hisabati darasa la nne inaweza kukaa miaka bila mtu kuuliza swali hata moja.

Kwa usomaji wako wa kila siku, anza na sehemu inayoeleza data imetoka wapi, kabla ya ikisiri kukushawishi. Tafuta majina ya mahali, tarehe, na nani aliyeikusanya. Kisha angalia tamko la mchango wa kila mwandishi: nani ameiona data ghafi? Baada ya kisa hiki The Lancet walibadili masharti yao, na sasa wanataka zaidi ya mwandishi mmoja athibitishe kwamba ameifikia na kuikagua data mwenyewe. Ukikuta data yote iko mikononi mwa mtu mmoja au kampuni moja na haiwezi kuonwa na mwingine, punguza uzito wa makala hiyo kwenye hoja yako, hata kama jarida ni kubwa. Halafu chukua namba moja kutoka kwenye jedwali la kwanza, lile la sifa za washiriki, uilinganishe na chanzo cha nje unachokiamini: sensa, takwimu za wizara, ripoti ya wilaya. Hesabu hiyo ya dakika kumi ndiyo iliyofichua vifo 73 ndani ya nchi yenye vifo 67.

Kama ni jaribio la tiba, tafuta lilivyoandikishwa kwenye sajili ya majaribio kabla halijaanza, uone kama kipimo kikuu walichoahidi ndicho walichoripoti. Kama ni utafiti wa jamii, uliza kama kuna mwingine aliyepata jambo hilo mahali pengine, kwa njia nyingine. Makala tatu za kundi lilelile zenye data ileile zihesabu kama ushahidi mmoja.

Na katika uandishi wako, acha kuandika "imethibitishwa kwamba" kwa sababu tu umepata makala moja. Andika kilichofanyika: "Katika wagonjwa 4,716 wa hospitali za Uingereza waliogawanywa kwa bahati nasibu, hidroksiklorokwini haikupunguza vifo ndani ya siku 28." Sentensi hiyo inamwambia msomaji ushahidi una ukubwa gani na unaishia wapi.

Mwisho, kabla ya kukabidhi tasnifu pitia tena orodha yako ya marejeo, kwa kuwa makala inaweza kuondolewa baada ya wewe kuipakua, na nakala iliyomo kwenye kompyuta yako haitabadilika. Fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida uone kama kuna tangazo la kuondolewa. Zotero, programu ya kupanga marejeo, hukuonyesha onyo jekundu juu ya marejeo yaliyoondolewa, ikitumia hifadhi ya makala zilizoondolewa ya Retraction Watch, na tovuti ya PubPeer ina maswali ambayo wasomaji wengine wamekwisha kuyauliza kuhusu makala mbalimbali. Makala zilizoondolewa huendelea kunukuliwa miaka mingi na watu ambao hawakufanya ukaguzi huo, na ile ya Surgisphere ni mojawapo.